Baada ya Kufungiwa: Jinsi Fundi wa Simu Alivyowapata Upya Watazamaji Wake

Tarehe 9 Oktoba 2025 mtandao wa YouTube ulitangaza majaribio ya utaratibu ambao wengi walikuwa wameukatia tamaa: mtu aliyefungiwa chaneli yake moja kwa moja aliruhusiwa, baada ya mwaka mmoja kupita tangu kufungiwa, kuomba kibali cha kufungua chaneli mpya. Kabla ya hapo kanuni ilikuwa kali na fupi, kwa kuwa aliyefungiwa alihesabiwa kuwa amefungiwa yeye mwenyewe, na chaneli yoyote nyingine aliyoifungua kwa jina lake au kwa jina la mwingine ilistahili kufungwa pia. Utaratibu mpya haumrudishii mtu chaneli yake ya zamani wala wafuasi wake, bali humpa uwanja mtupu, na hauwahusu kabisa waliofungiwa kwa kosa la kukiuka hakimiliki, yaani kutumia kazi ya mtu mwingine bila idhini yake. Hata hivyo habari hiyo ilizua mjadala mkubwa miongoni mwa watengenezaji wa video wa Dar es Salaam, na ndiyo iliyomrudisha mwandishi wa makala haya katika kipindi alichokuwa akipiga na kuhariri video za fundi mmoja wa simu wa Kariakoo, ambaye alikuwa amefungiwa na mtandao mwingine wa video usiotajwa hapa, na ambaye alilazimika kuwatafuta watazamaji wake upya.

Kufungiwa moja kwa moja ni tofauti na adhabu ndogo zinazotangulia, na tofauti hiyo inafaa ieleweke mapema kwa sababu watu wengi huichanganya. Katika YouTube, kwa mfano, kosa la kwanza dhidi ya kanuni za jumuiya kwa kawaida huleta onyo tu. Kosa linalofuata huleta kile ambacho watengenezaji wa video hukiita straiki, yaani alama ya adhabu inayodumu siku 90, na mwenye chaneli huzuiwa kupakia video kwa wiki moja. Straiki ya pili ndani ya siku hizo 90 humzuia kwa wiki mbili, na ya tatu huifunga chaneli. Mtu aliye kati ya straiki ya kwanza na ya pili bado ana akaunti yake, bado ana wafuasi wake, na tiba yake ni kunyamaza, kusoma kanuni na kungoja siku ziishe. Aliyefungiwa moja kwa moja hana cha kungoja katika akaunti ile, na kwake swali la kuvuta watu linatanguliwa na swali jingine zito zaidi, ambalo ni kama anaruhusiwa kuwa na akaunti nyingine mahali pale.

Chaneli ya fundi huyo ilikuwa imekua kwa miaka kadhaa hadi kuvuka wafuasi 40,000, na ilikuwa na video za aina mbalimbali: kubadilisha kioo, kutengeneza sehemu ya kuchajia iliyolegea, kukausha simu iliyoanguka majini, na kuflashi, yaani kuondoa programu nzima ya simu na kuiweka upya. Zilizoleta watu wengi kuliko zote, hata hivyo, zilikuwa zile za kutoa FRP. FRP ni kinga iliyoanza katika simu za Android toleo la 5.1 mwaka 2015, ambayo humtaka anayeiwasha simu iliyofutwa kila kitu aingize kwanza akaunti ya Google iliyokuwemo, ili mwizi aliyeifuta simu asiweze kuitumia. Kwa fundi wa Kariakoo kinga hiyo ni kero ya kila siku, kwa kuwa wateja wengi hufunguliwa akaunti na muuza simu au na mtoto wa jirani, nao hawajui neno la siri wala hawajawahi kulijua. Fundi alikuwa akiwasaidia watu wa namna hiyo. Lakini video haichagui mtazamaji, na somo lililomfaa mama aliyesahau neno la siri lilimfaa vilevile kijana aliyekwapua simu dirishani mwa daladala. Mtandao uliziondoa video tatu za aina hiyo kwa mfululizo, kwa kosa la kufundisha njia za kuvuka ulinzi wa kifaa, na chaneli ikafungwa.

Barua ya kufungiwa ilikuja kwa baruapepe, na mwandishi anakumbuka kwamba hakuna aliyeisoma hadi mwisho siku ile. Fundi alisoma mstari wa kwanza, akaweka simu juu ya meza ya kazi, akasema, “Mdogo wangu, wametumaliza.” Barua iliposomwa vizuri baadaye ilionekana kuwa na mambo manne ambayo kila barua ya namna hiyo huwa nayo kwa namna moja au nyingine: kifungu cha kanuni kilichovunjwa, video zilizohusika, njia ya kukata rufaa pamoja na muda wake, na sentensi inayoeleza hali ya akaunti nyingine za mtu huyohuyo. Sentensi hiyo ya nne ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata, na mara nyingi huwa chini kabisa, baada ya maneno ya heshima. Katika barua ya fundi ilisema wazi kwamba haruhusiwi kumiliki, kutumia wala kufungua akaunti nyingine katika mtandao ule.

Rufaa ilikatwa, ikakataliwa. Ukiitazama leo, sababu ya kukataliwa inaonekana bila shida: barua ya rufaa ilieleza miaka ya jasho, idadi ya wafuasi, vijana waliojifunza ufundi kupitia video zile, na familia inayotegemea kipato hicho, mambo ambayo yote yalikuwa ya kweli, lakini hayakujibu swali pekee ambalo msomaji wa rufaa hutakiwa kulijibu, nalo ni kama video ilivunja kifungu au haikuvunja. Rufaa yenye nafasi huitaja video, hutaja dakika inayolalamikiwa, na hueleza kwa nini kilichomo hakiangukii katika kifungu kile. Video za kutoa FRP ziliangukia humo. Kama kungekuwa na video ya nne iliyoondolewa kwa makosa, pengine ile ya kuflashi simu iliyokwama, rufaa ingekuwa na pa kusimamia. Mwandishi amewaona watu wakiandika rufaa za kurasa mbili kuhusu maisha yao na kusahau kutaja jina la video.

Baada ya rufaa kushindwa ilikuja hatua ambayo karibu kila aliyefungiwa huifikiria. Mpwa wa fundi, ambaye alikuwa na akaunti yake ndogo ya video za harusi katika mtandao uleule, alijitolea kuikopesha; fundi angeonekana, mpwa angebaki mwenye akaunti kwa jina. Kazi ilianza kwa matumaini, na watu wachache walianza kurejea, lakini haukupita muda mrefu akaunti hiyo nayo ikafungwa, pamoja na video zote za harusi ambazo mpwa alikuwa akizitumia kujitangazia kazi. Kwa macho ya kanuni hapakuwa na utata. Mitandao mikubwa haitazami jina lililoandikwa juu tu. Hutazama nani anaonekana, sauti ya nani inasikika, video zipi zinapakiwa tena, na akaunti inahusiana vipi na ile iliyofungwa. Kanuni za YouTube pia husema kwamba kutumia chaneli ya mtu mwingine ili kukwepa kufungiwa ni kosa, na kwamba adhabu inaweza kuifikia chaneli ile iliyotumika. Mpwa alipoteza kitu ambacho hakuwa amekikosea, na ndiyo maana mwandishi huwa mkali kidogo anaposikia mtu akisema atatumia akaunti ya mke wake au ya mdogo wake: anayekopeshwa akaunti kwa kazi hiyo anaiweka rehani akaunti ya mwenzake bila kumwambia.

Njia halali iliyobaki ilikuwa kuondoka. Mkataba wa mtandao mmoja haufungi katika mtandao mwingine. Kila mmoja una masharti yake, na aliyefungiwa mahali fulani hajafungiwa kila mahali, isipokuwa mitandao hiyo iwe ya kampuni moja na masharti yaseme hivyo. Fundi hakuwahi kuwa na chaneli YouTube, kwa hiyo aliweza kuifungua kwa jina lake halisi na sura yake, bila kujificha. Lakini kuhama hakumaanishi kubeba mizigo yote. Hatari kubwa ya mtu anayehama ni kupakia mahali papya maktaba yote ya zamani kwa siku mbili tatu, kisha kufungiwa tena kwa kosa lilelile, kwa sababu kanuni kuhusu mambo ya hatari hufanana sana kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kabla ya kupakia chochote, video zote za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye diski ziliorodheshwa katika daftari na kugawanywa mafungu matatu: zisizo na shaka, zisizoweza kurudi kamwe, na zile ambazo somo lake ni jema lakini limefundishwa kwa njia mbaya.

Fungu la tatu ndilo lililokuwa na mali. Mfano wake ni video moja ya zamani iliyohusu IMEI, yaani namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 ambayo kila simu hupewa kiwandani. Katika video ya zamani fundi alieleza namba hiyo ni nini, kisha akagusia jinsi watu wanavyoibadilisha ili simu iliyozuiwa ifanye kazi tena, jambo ambalo nchini Tanzania ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Nusu ya kwanza ilikuwa somo zuri, na nusu ya pili ilikuwa tiketi ya kufungiwa. Somo lilirekodiwa upya likiwa limegeuzwa upande wa mnunuzi: mtu anayenunua simu iliyotumika abonyeze *#06# mbele ya muuzaji, aone namba inayotokea kwenye kioo, ailinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi au ndani ya simu, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili apate jibu kuhusu simu hiyo, na kabla ya kutoa hela amtake muuzaji aingize neno lake la siri na kuondoa akaunti yake ya Google hapohapo. Maarifa ni yaleyale ya FRP na IMEI ambayo fundi alikuwa nayo siku zote, ila sasa yanamlinda aliyekuwa akiibiwa. Watanzania ambao wanakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa na mamlaka ya mawasiliano, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini namba hiyo ina maana.

Swali la watu lilikuwa gumu zaidi kuliko la video. Wafuasi zaidi ya 40,000 walikuwa namba katika kitabu cha mtu mwingine, na siku kitabu kilipofungwa fundi hakuwa na njia hata moja ya kumwambia yeyote kati yao alipohamia. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa daftari la risiti la dukani, lenye majina na namba za simu za wateja waliowahi kuacha simu zao zitengenezwe. Wazo la kwanza lilikuwa kuzitumia namba zote hizo ujumbe wa kuitangaza chaneli mpya, na mwandishi alilipinga kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi ambalo zilikusanywa kwalo, na mteja aliyeacha namba ili aitwe simu yake ikipona hakuitoa ili atumiwe matangazo. Sababu ya pili ni ya kiufundi: WhatsApp huzifunga namba zinazotuma ujumbe kwa wingi kwa watu wasiozifahamu, na fundi aliyekwisha kupoteza chaneli asingeweza kumudu kupoteza pia namba ya biashara yake.

Kilichofanyika kilikuwa cha polepole. Kila mteja aliyefika kuchukua simu yake aliulizwa kama angependa kupata somo jipya kila wiki, na aliyekubali aliihifadhi namba ya duka katika simu yake palepale, mbele ya fundi. Kuihifadhi namba hakukuwa mapambo. Katika WhatsApp, orodha ya matangazo, yaani ujumbe mmoja unaoandikwa mara moja na kumfikia kila mtu peke yake, huwafikia tu wale ambao wamekuhifadhi katika simu zao, na orodha moja haizidi watu 256. Mwanzoni masharti hayo yalionekana kuwa kikwazo, lakini yakawa chujio bora kuliko lolote ambalo mwandishi amewahi kuliona: kila jina lililobaki katika orodha lilikuwa la mtu aliyesema ndiyo kwa mdomo wake na kuthibitisha kwa kidole chake. Orodha ya kwanza ilijaa baada ya miezi kadhaa, ikafuatwa na ya pili. Ukiilinganisha na wafuasi wa zamani, ni tone. Hata hivyo tone hilo lilikuwa la fundi, na lilipotumiwa kiungo cha video mpya, sehemu kubwa yake ilifungua na kutazama siku ileile.

Katika kipindi hichohicho walizuka matapeli. Jina la chaneli iliyofungwa huwa kama duka lililoachwa na mwenyewe, na haukupita muda akaunti mbili zilitokea katika mtandao wa zamani zikiwa na picha ya fundi, zikiwataka watu watume hela ili wafunguliwe simu kwa mbali. Watu walikuja dukani wakidai. Fundi hakuruhusiwa kuwa na akaunti pale, lakini kuripoti mtu anayejifanya wewe ni haki inayotolewa na mitandao mingi hata kwa asiye na akaunti, kupitia fomu ya malalamiko inayoambatana na nakala ya kitambulisho. Akaunti zile ziliondolewa. Funzo lililopatikana hapo ni kwamba anayehama anapaswa kutangaza mapema, mahali penye jina lake halisi, kwamba hana akaunti tena kule alikotoka. Bango la karatasi lililobandikwa kwenye kioo cha duka lilifanya kazi hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote ya mtandaoni.

Wauza wafuasi nao walifika. Kwa bei ya vocha chache mtu alitaka kuijaza chaneli mpya wafuasi elfu kadhaa kwa usiku mmoja, na fundi, aliyekuwa akiiona namba ndogo kila asubuhi, alivutiwa. Kanuni za YouTube zinakataza kununua wafuasi, watazamaji au alama za kupenda, na zinakataza pia mpango wa kubadilishana, ule wa “nifuate nikufuate”. Lakini hata pasipo katazo, biashara hiyo ina hasara ambayo anayeanza upya huisikia kuliko mwingine yeyote. Mfumo wa kupendekeza video huangalia watu walioonyeshwa video wamefanya nini, kama wameibofya na wameitazama kwa muda gani; chaneli yenye wafuasi wa kununuliwa huanza kila video kwa kuonyeshwa pia kwa akaunti zisizo na mtu nyuma yake, nazo hazibofyi, na mwenye chaneli hubaki akitazama takwimu ambazo hazimwambii lolote kuhusu watu halisi.

Takwimu zenyewe zinahitaji kusomwa kwa utaratibu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Katika ukurasa wa YouTube Studio, ambao ndio dawati la mwenye chaneli, namba inayoonekana kwanza ni ya wafuasi, na ndiyo inayodanganya zaidi katika miezi ya mwanzo. Mwandishi alimshauri fundi aifunike na kutazama mbili nyingine. Ya kwanza ni ya watazamaji wanaorudi, yaani watu waliowahi kutazama chaneli hiyo kabla na wametazama tena katika kipindi kinachopimwa. Ya pili ni mchoro unaoonyesha, sekunde kwa sekunde, ni sehemu gani ya watazamaji bado wapo. Video ya kununua simu iliyotumika, iliyotajwa hapo juu, ilitazamwa wiki ya kwanza karibu yote kupitia viungo vya WhatsApp, jambo ambalo Studio huonyesha kama chanzo cha nje. Mchoro wake ulishuka ghafla katika nusu dakika ya mwanzo, kisha ukanyooka hadi mwisho. Maana yake haikuwa kwamba somo lilikuwa baya, kwa kuwa waliovuka nusu dakika hawakuondoka. Ni kwamba nusu dakika ile ilikuwa ya salamu ndefu, shukrani, na simulizi ya jinsi chaneli ya zamani ilivyofungwa. Wateja wa zamani waliivumilia kwa heshima. Wageni hawakuona sababu.

Video iliyofuata ilianza na simu iliyo mezani na tatizo lake, salamu ikafuata kwa maneno machache, na habari za kufungiwa hazikutajwa tena isipokuwa mtu alipouliza. Hilo lilimuuma fundi, ambaye alitaka watu wajue alivyoonewa, au alivyoamini kuwa ameonewa, na mabishano kuhusu jambo hilo yalichukua jioni nzima. Baada ya miezi michache chanzo cha watazamaji kilianza kugeuka: viungo vya WhatsApp vikapungua uzito, na utafutaji ukaongezeka, yaani watu wasiomjua fundi kabisa walikuwa wakiandika tatizo la simu zao na kuipata video yake. Idadi ya wanaorudi nayo ikapanda pole pole, wiki hadi wiki, na hiyo ndiyo dalili ambayo mwandishi aliiamini. Chaneli inayopata watazamaji wapya wengi huku wanaorudi wakibaki palepale imepata video moja iliyovuma; haijapata hadhira.

Hatari ya mwisho ilitoka kwa watazamaji wenyewe. Waliomfahamu fundi kutoka zamani waliendelea kuandika katika maoni, “Fundi, ile ya kutoa FRP iko wapi?”, na wengine, kwa nia njema kabisa, walijibu kwa kubandika viungo vya programu za kufanyia kazi hiyo. Kanuni za YouTube kuhusu viungo humgusa mwenye chaneli pale anapowaelekeza watu kwenye viungo hivyo yeye mwenyewe, hata kwa maneno ya mdomo ndani ya video au kwa kubandika maoni yenye kiungo juu ya mengine. Kwa hiyo mpangilio wa maoni ulibadilishwa ili yenye viungo yazuiwe hadi yakaguliwe, maneno machache yakaingizwa katika orodha ya maneno yanayozuiliwa, na jibu moja likaandikwa kwa kila aliyeuliza: alete simu dukani pamoja na risiti yake au kitambulisho. Kazi ileile ambayo haikufaa kufundishwa hadharani iliendelea kufanyika halali mezani, kwa mtu anayeonyesha kwamba simu ni yake. Ajabu ni kwamba jibu hilo lilileta wateja.

Kwa anayekusudia kurudi YouTube kupitia utaratibu wa Oktoba 2025, mambo machache yanatofautiana na safari ya fundi. Mwaka mmoja lazima upite kwanza tangu chaneli kufungwa, na katika mwaka huo njia iliyopo ni rufaa. Baada yake mhusika huingia katika YouTube Studio kwa kompyuta, kwa akaunti ya chaneli iliyofungwa, na nafasi ya kuomba chaneli mpya huonekana hapo kama amestahili. Ombi hupimwa kwa ukubwa wa makosa na kurudiwarudiwa kwake, na kwa madhara ambayo mwenendo wa mtu, hata nje ya mtandao, umeyaleta au unaweza kuyaleta. Akikubaliwa anaanza na sifuri, pamoja na masharti ya kulipwa matangazo, ambayo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo halali milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Aliyefungiwa kwa hakimiliki hana mlango huo. Yeye humwendea mwenye kazi aliyelalamika na kumwomba aondoe malalamiko yake, au, kama ana hakika kwamba malalamiko hayakuwa sahihi, huwasilisha pingamizi rasmi, ambalo humpa mlalamikaji siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Pingamizi ni hati ya kisheria, na asiye na haki asiiguse.

Chaneli ya fundi bado haijafikia wafuasi wa ile iliyofungwa, na huenda isifikie, kwa sababu video za kutoa FRP ndizo zilizowaleta wengi wao na hazitarudi. Inalipwa matangazo, kidogo, na inaleta wateja dukani kila wiki. Orodha za WhatsApp zimekuwa kadhaa, na kila mwisho wa mwezi majina yake hunakiliwa katika daftari linalokaa ndani ya droo. Katika mtandao ule wa kwanza fundi hana akaunti hadi leo, wala kwa jina la mtu mwingine. Msomaji aliyefungiwa anaombwa, kabla ya kufungua akaunti yoyote, aitafute barua yake ya kufungiwa na kuisoma hadi sentensi ya mwisho.